Huna mteja wa kukusifia? Andika kinachoweza kupimwa

Wifi yangu alipoleta ndoo ya asali nyumbani kwake Leganga, Usa River, alikuwa na hakika itaisha ndani ya wiki mbili. Ndoo ilikuwa ya lita 20, imetoka kwa kaka yake anayefuga nyuki Manyoni, mkoani Singida, ikasafirishwa kwa basi. Pesa ya kuinunua, pamoja na nauli ya mzigo na makopo ya kufungia, ilifika karibu shilingi 250,000, na zote alikopa kwenye kikoba. Marejesho yalikuwa mwisho wa Julai.

Wiki mbili zilipita. Makopo matatu tu ndiyo yalitoka: moja nilichukua mimi, moja mama mkwe, na moja jirani wa ukuta mmoja. Watu wote watatu walikuwa wanamfahamu tangu zamani. Wasiomfahamu, ambao ndio soko lenyewe, waliuliza bei, wakauliza swali moja au mawili, kisha wakanyamaza.

"Wifi, asali ni nzuri, umeionja mwenyewe," aliniambia jioni moja, simu ikiwa mkononi. "Sasa hawa watu wanataka nini?"

Nilimwomba anionyeshe tangazo alilokuwa akiliweka kwenye status ya WhatsApp na kwenye kundi la wazazi wa shule. Lilisomeka hivi:

"ASALI ORIJINO ASILIMIA 100!!! Haijachakachuliwa. Inatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Imethibitishwa. Bei poa. Wahi, mzigo unaisha!"

Chini yake kulikuwa na picha ya asali ya dhahabu inayong'aa, inatiririka kutoka kwenye kijiti cha mbao chenye mifereji. Kijiti hicho hakuna mtu nyumbani kwetu anayekimiliki. Aliitoa mtandaoni.

Msomaji, tangazo hilo unalifahamu. Limeandikwa na maelfu ya watu, wakweli na matapeli, kwa maneno yaleyale. Shida yake iko hapo.

Kwa nini neno "orijino" halisaidii

Mfanyabiashara wa zamani ana mashahidi. Wapo wateja waliokwisha kula asali yake, wakarudi, wakawaambia wenzao. Akiandika "asali safi", maneno hayo yanabebwa na watu hao. Mgeni hana mtu nyuma yake. Akiandika "asali safi", msomaji anabaki na neno tupu, na neno tupu halimgharimu kitu mtu wa kuandika. Mwenye sukari guru iliyochemshwa kwenye sufuria naye anaweza kuliandika, tena kwa herufi kubwa zaidi.

Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliliandika jambo hili mwaka 1970 akitumia mfano wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Alisema hivi: mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibovu, hatakubali kulipa bei ya kizuri. Atatoa bei ya katikati, kwa kuwa anajikinga. Mwenye kitu kizuri akiona bei hiyo haimlipi, anaondoka sokoni, na wanaobaki ni wenye vibovu. Ukitaka kuiona nadharia hiyo kwa macho, tazama biashara ya asali barabarani. Mteja anayedhani ni sukari guru anataka kulipa bei ya sukari guru.

Sokoni Tengeru, siku ya Jumatano au Jumamosi, mama anayeuza asali hana haja ya maelezo marefu. Mteja anachovya kidole, ananusa, anainua chupa, anamtazama muuzaji usoni, na anajua kwamba Jumamosi ijayo atamkuta palepale. Tangazo la simuni linaondoa vyote hivyo: kidole, pua, mkono, uso na Jumamosi ijayo. Maelezo ya muuzaji mgeni yana kazi ya kuvirudisha, kimoja kimoja, kadiri inavyowezekana kwa maandishi.

Basi tulikaa mezani na wifi, mizani ya jikoni katikati, tukaanza upya. Kanuni tuliyoifuata ilikuwa moja: kila sentensi iwe na jambo ambalo mteja anaweza kulipima mwenyewe, ama kabla ya kulipa, ama akiwa nyumbani kwake. Sentensi isiyopimika tunaifuta.

Tulianza kwa kufuta

"Imethibitishwa" ilikwenda kwanza. Nilimuuliza imethibitishwa na nani, akacheka. Asali ile haikuwa na nembo ya TBS, na kuandika neno linalomfanya mtu aamini kwamba inayo ni uongo wenye madhara kisheria. Tangu mwaka 2019 mambo ya usalama wa chakula, yaliyokuwa chini ya TFDA, yako TBS. Anayetaka kufunga asali kwa jina lake na kuipeleka madukani inabidi apite huko. Wifi aliulizia kwa afisa biashara wa halmashauri, hapohapo Usa River, akaelekezwa aanzie SIDO. Ameanza, lakini mwanzo si nembo.

"Inatibu kisukari" ilifuata. Mbali na kwamba asali ni sukari kwa sehemu kubwa na mgonjwa wa kisukari anaweza kudhurika nayo, sentensi hiyo humfukuza hata mteja mzima. Mtu akiona bidhaa moja inatibu magonjwa manne, hata yale ya kweli yaliyoandikwa kando yake anaacha kuyaamini.

"Wahi, mzigo unaisha" nayo ilitoka. Ndoo ilikuwa imejaa, na kila aliyetazama status kwa siku kumi na nne aliona mzigo uleule "unaisha".

Picha ya mtandaoni ilimwachia kovu kabisa. Kuna mama alikuja kutoka Maji ya Chai kwa boda, akafungua kopo, akaona asali ya kahawia iliyokolea. "Hii si ile ya kwenye picha," akasema, akaondoka. Wifi alikuwa na asali nzuri, lakini picha yake ndiyo iliyomwita mwongo. Siku hizi isitoshe mtu anaweza kuitafuta picha kwa Google Lens akakuta iko kwenye kurasa mia moja.

Tulipiga picha nne za simu, mchana, karibu na dirisha, bila kuzipamba. Ya kwanza ni ndoo yenyewe. Ya pili ni kopo limeinuliwa kwenye mwanga ili rangi ionekane. Ya tatu ni kopo juu ya mizani, namba inasomeka. Ya nne ni juu ya asali, mahali palipokuwa na vijichembe vya nta. Hiyo ya nne wifi hakuitaka. Nilimwambia subiri, ndiyo itakayouza.

Uzito: jambo la kwanza la kupimwa

Watu wengi huuza asali kwa lita na wengine kwa kilo, na wanunuzi wengi hudhani ni kitu kimoja kama ilivyo kwa maji. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina karibu kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 iliyojaa inabeba kama kilo 28. Nusu lita ni karibu gramu 700.

Tuliweka kopo tupu na mfuniko wake kwenye mizani: gramu 45. Tukalijaza hadi alama ya nusu lita: gramu 745. Hapo ndipo tukapata sentensi ya kwanza ya tangazo jipya: "Asali peke yake ni gramu 700. Ukiweka kopo zima kwenye mizani ya duka lolote, isome 745. Ikisoma chini ya 740, usilipe."

Tazama sentensi hiyo inafanya nini. Mteja halazimiki kumwamini wifi. Anaweza kwenda kwa muuza nyama wa mtaani kwake akapima. Wengi hawatakwenda, lakini wanaona kwamba mwandishi amejiweka mahali pa kukamatwa akidanganya, na tapeli hapendi kujiweka hapo. Ndiyo sababu tuliandika uzito wa kopo na mfuniko. Ukisema gramu 700 bila kusema kopo lina gramu ngapi, mteja hana njia ya kupima bila kumwaga asali yake.

Gharama yake ni kwamba kila kopo lazima lipimwe kweli. Tulipofika kopo la ishirini mkono ulichoka na mawili yakasoma 731. Tukayaongeza. Ukiandika namba kisha ukakosea kopo moja, afadhali usingeandika kabisa.

Niseme pia namba hiyo haithibitishi nini. Uzito unaonyesha kwamba hujapunjwa. Hauonyeshi kwamba ndani hamna sukari, kwa sababu shira nzito ya sukari ina uzito unaokaribiana na wa asali.

Vipimo vya kijiti cha kiberiti

Hapo wifi akaruka. "Basi tuwaambie wachovye njiti ya kiberiti, ikiwaka ni halisi!"

Kipimo hicho kila mtu amekisikia, pamoja na kile cha kudondosha asali kwenye glasi ya maji na kile cha sisimizi. Havifai. Njiti ikikataa kuwaka, imeonyesha unyevu tu. Shira ya sukari iliyochemshwa ikawa nzito nayo huacha njiti iwake, na huzama kwenye glasi kwa utulivu uleule. Sisimizi nao huenda kwenye asali ya kweli kama wanavyokwenda kwenye sukari. Kujua kwa uhakika kama asali imechanganywa ni kazi ya maabara.

Muuzaji mgeni akimpa mteja kipimo cha uongo, amejitega. Mteja mmoja anayejua atamuumbua mbele ya kundi zima. Mteja asiyejua atakifanya vibaya, njiti itakataa kwa kuwa kiberiti kilishika unyevu, na lawama zitarudi Leganga. Tukaandika ukweli wenyewe: "Sijaipeleka maabara. Ninachojua ni nani aliirina, wapi na lini." Kisha tukavitaja: kaka yake wa kuzaliwa, Manyoni, mwishoni mwa Mei, mizinga ya magogo, asali ya nyuki wakubwa, ikachujwa kwa kitambaa bila kupashwa moto.

Kwa nini habari hizo zina nguvu kuliko "asilimia 100"? Kwa sababu kila moja inazaa swali ambalo mteja anaweza kuuliza, na muuzaji wa kweli analo jibu papo hapo. Baba mmoja mstaafu, mwenyeji wa Singida anayeishi Kikatiti, alipiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huyo kaka yako yuko Manyoni ipi, ya mjini au ya huko Itigi?"

Wifi akamjibu, akaongeza mti ambao kaka yake hutundikia mizinga. Mzee alinyamaza kidogo, akasema atachukua makopo mawili. Hakuonja chochote. Alipima maelezo.

Sema kasoro kabla mteja hajaiona

Asali ile ilikuwa na kasoro mbili na tabia moja. Ilinukia moshi kidogo, kama ilivyo kawaida kwa asali iliyorinwa kwenye magogo kwa kufukiza. Ilikuwa na chembe za nta juu, kwa kuwa kitambaa cha kuchujia hakikuwa chembamba sana. Wifi alitaka tuvinyamazie vyote viwili.

Lakini fikiri mteja anafungua kopo jikoni kwake. Akikuta moshi ambao hakuambiwa, anajiuliza ni nini kingine alichofichwa, na kwa mgeni hana cha kumtetea. Akikuta moshi alioambiwa, anasema, "Kumbe alisema kweli." Kitu ni kilekile, kopo ni lilelile. Tuliandika: "Ina harufu ya moshi kwa mbali na chembe chache za nta juu, tazama picha ya nne. Nta haina madhara, waweza kuitoa kwa kijiko. Kama hupendi harufu ya moshi, hii haitakufaa."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyomtia wifi hofu, kwamba tunafukuza wateja. Tunawafukuza kweli, wale ambao wangerudisha kopo na kulalamika kundini. Mfanyabiashara wa zamani anaweza kustahimili lalamiko moja kati ya sifa hamsini. Kwa mgeni, lalamiko la kwanza ndilo linakuwa sifa yake yote.

Tena kasoro iwe ya kweli. Wapo wanaoandika "kasoro yake ni tamu mno, utaimaliza siku moja". Huo ni mzaha wa kujisifu, na msomaji anaung'amua.

Sasa ile tabia. Asali halisi huganda. Inakuwa nyeupe nyeupe, nzito, yenye punje, kama samli ya asubuhi. Hufanya hivyo upesi zaidi kwenye baridi ya wastani, kati ya nyuzi 10 na 18 hivi, na hiyo ndiyo hali ya hewa ya usiku kwenye miteremko ya Meru mwezi Juni na Julai. Kila mwaka wauzaji hugombezwa: "Asali yako imeganda, ni sukari!" Kuganda hakuthibitishi kwamba ni sukari, wala hakuthibitishi kwamba si sukari. Ni tabia ya asali, na asali nyingine huganda upesi, nyingine huchelewa.

Wifi alitaka kusubiri mtu alalamike ndipo amweleze. Lakini maelezo yanayokuja baada ya lalamiko husikika kama kisingizio, hata yakiwa kweli tupu. Yaleyale yakija mapema ni utabiri. Tukaandika: "Kwa baridi hii inaweza kuganda kabla ya mwisho wa Julai, ianzie chini ya kopo kwenda juu. Ikiganda, legeza mfuniko, weka kopo kwenye maji ya vuguvugu ambayo mkono unaweza kuvumilia, uyabadilishe yakipoa. Usiibandike jikoni, itabadilika rangi na kupoteza harufu."

Tuliongeza sentensi moja ambayo haihusu kuuza kabisa: "Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali yoyote, hata hii." Asali inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa mbaya kwa mtoto mchanga ambaye tumbo lake halijakomaa. Katika kundi la wazazi, kina mama wawili walimshukuru kwa sentensi hiyo. Muuzaji anayekuambia wakati gani usitumie bidhaa yake amekuonyesha kwamba pesa yako siyo kitu pekee anachokitazama.

Jina, pesa na marejesho

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo tusingelijua kama mteja mmoja wa Arusha mjini asingekuwa mwungwana wa kulisema. Alikuwa tayari kulipa kwa simu. Alipoingiza namba, kabla ya kuweka siri, likatokea jina la mwanaume. Akaogopa, akaghairi.

Laini ya wifi imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume wake. Wengi wetu tuko hivyo. Mteja wa muuzaji mzoefu angepuuza, lakini kwa mgeni, jina lisilolingana ni alama ya utapeli. Alikuwa na njia mbili: asajili laini yake mwenyewe, au aseme mapema kwamba jina litakalotokea ni la mume wake, na alitaje. Alisajili, lakini kwa siku zile za kungoja aliandika jina la mume kwenye tangazo. Hicho nacho ni kitu cha kupimwa: mteja anaona kwenye simu yake jina lilelile aliloahidiwa, sekunde chache kabla ya kutuma pesa.

Kwa waliopo karibu, kuanzia Tengeru hadi Kikatiti, aliweka utaratibu wa kulipa baada ya kuona na kupima. Kwa walio mbali haikuwezekana, kwa sababu kopo likifika Dodoma na mteja akizima simu, hasara ni ya wifi peke yake. Akaandika wazi kwamba wa mbali hulipa kwanza, kisha atatumiwa picha ya kopo lake likiwa limefungwa, na ya risiti ya basi. Wapo waliokataa. Maelezo mazuri hayaondoi hofu yote ya mtu aliyekwisha tapeliwa, na si haki kumlaumu.

Mwisho tuliandika marejesho: "Ukifungua ukakuta haifanani na maelezo haya, nijulishe ndani ya siku 3, rudisha kilichobaki, nitakurudishia pesa yako yote na nauli ya boda." Kabla ya kuandika tulipiga hesabu. Kopo ni shilingi 10,000 na boda ya ndani ya Usa River kama 2,000. Makopo matatu yakirudi ni 36,000, na hilo angeweza kulibeba. Kama asingeweza, tusingeiandika. Ahadi ya marejesho isiyotekelezwa mara moja tu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Na ijulikane kwamba sehemu ya ahadi hiyo ni sheria, si hisani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Muuzaji wa simuni, ambaye mteja wake hakuona kitu zaidi ya maandishi, ameuza kwa maelezo. Alichokiandika kimemfunga.

Nikamshauri pia aandike kwamba yeye ni mgeni. Watu hulificha hilo, wakati mteja akiona ukurasa mtupu amekwisha kulijua. "Ni mara yangu ya kwanza kuuza. Nimeleta ndoo moja, nimepata makopo 38, yamebaki 35." Idadi hiyo aliibadilisha kila jioni. Haikuwa "mzigo unaisha", ilikuwa hesabu inayoonekana ikishuka. Tangazo zima likawekwa kwenye katalogi ya WhatsApp Business, kwa sababu status hufutika baada ya saa 24 na mteja mwenye wasiwasi hupenda kurudi kusoma mara ya pili.

Jambo moja alilitaka sana nikamkatalia: kuwaomba mashoga zake watano waandike kundini kwamba asali ni tamu. Sifa za kupangwa hujulikana. Huja siku moja, zote fupi, zote bila jambo mahususi, na kutoka kwa watu ambao picha zao ziko pamoja kwenye harusi. Ukigundulika, hata mteja wa kweli atakayekusifia baadaye ataonekana wa kupangwa.

Ilivyokuwa

Asali haikuisha ndani ya wiki. Wiki ya kwanza ya tangazo jipya yalitoka makopo sita, ya pili tisa. Maswali hayakupungua, ila yalibadilika. Badala ya "nitajuaje si sukari guru?" watu waliuliza, "Una kopo la robo?" au "Kesho upo nyumbani?" Kopo moja lilirudi, mteja hakupenda moshi ijapokuwa aliusoma. Wifi alirudisha pesa siku ileile bila neno.

Katikati ya Julai, baridi ikiwa imeshika kweli na Meru haionekani kwa mawingu, yule mama wa kundi la wazazi aliyenunua mapema alituma picha ya kopo lake mbele ya wote. Chini palikuwa peupe, juu bado kahawia. Wifi aliiona akashika kifua, akidhani ndio lawama inakuja.

Chini ya picha mama yule aliandika: "Imeganda kuanzia chini kama alivyosema. Nimeiweka kwenye maji ya vuguvugu, inarudi. Nataka mawili mengine."

Huyo ndiye aliyekuwa shahidi wake wa kwanza asiye ndugu wala jirani, na hakuombwa. Marejesho ya kikoba yalilipwa tarehe 30, makopo manne yakiwa bado kabatini. Wifi ameshamwambia kaka yake alete ndoo nyingine, ila safari hii achuje kwa kitambaa chembamba.